Je, Wajua? Matokeo Yanadokeza, Yanaashiria au Yanathibitisha?

Je, wajua kwamba katika mjadala wa matokeo, kitenzi ndicho mara nyingi kinachomwambia msomaji aamini kwa kiasi gani? Jedwali lina tarakimu tu. Mwandishi ndiye anayesema kama tarakimu hizo "zinadokeza", "zinaashiria", "zinaonesha" au "zinathibitisha", na kila kimoja kati ya vitenzi hivyo kinadai uzito wake. Msimamizi wa tasnifu akizungushia kitenzi kalamu nyekundu, hafundishi sarufi. Anauliza: uzito huu umeutoa wapi?

Je, wajua kwamba "kuonesha" kuna mipaka yake? Kitenzi hiki kinafaa zaidi kusema kile kilichomo ndani ya jedwali lenyewe. Tuseme mwanachuo wa ualimu amewauliza wanafunzi 200 wa kidato cha pili kama hupata chai asubuhi kabla ya kwenda shule, kisha akachukua alama zao za hisabati. Wanaopata chai wana wastani wa alama 58, wasiopata wana 51. Sentensi yake ya kwanza haina ubishi: matokeo yanaonesha kwamba, miongoni mwa wanafunzi hao 200, wanaopata chai walikuwa mbele kwa wastani wa alama 7. Yeyote anayejua kusoma jedwali atakubaliana naye, hata kama hampendi.

Akitoka nje ya jedwali hatua moja, kitenzi nacho kinapaswa kubadilika. Akitaka kusema kwamba hata kwa wanafunzi ambao hakuwahoji, wa shule zilezile, chai ya asubuhi na alama za hisabati huenda pamoja, hapo matokeo "yanaashiria". Amewaona 200, anawasemea wengine. Akienda hatua ya pili, akasema njaa ndiyo inayowaondolea watoto umakini darasani, hapo matokeo "yanadokeza" tu, kwa sababu hakupima njaa wala umakini. Huenda wanaopata chai wanatoka kwenye nyumba zenye taa ya kusomea na mzazi anayekagua madaftari. Huenda wasiopata ndio wanaokaa mbali, wanaoamka saa kumi alfajiri na kufika shule wamechoka. Maelezo yote matatu yanaingia sawasawa kwenye jedwali lilelile. Mwanachuo huyu akiandika kwamba matokeo "yanathibitisha kuwa kifungua kinywa huinua ufaulu", amewaambia wasomaji kwamba yale maelezo mawili mengine yamekwisha kukataliwa, na si kweli.

Je, wajua kwamba hakuna chombo kilichopanga vitenzi hivi kwa daraja? Kamusi hutoa maana, haitoi kipimo. Kwa hiyo nashauri njia moja ambayo kila mtafiti anaweza kuitumia akiwa mezani kwake. Chukua karatasi, andika kila maelezo mengine yanayoweza kuzaa jedwali lile ulilonalo, kisha jiulize ni yapi utafiti wako umeyafungia njia. Yakibaki mawili au matatu yenye nguvu, andika "yanadokeza". Likibaki moja, nalo dhaifu, "yanaashiria" inatosha. "Yanathibitisha" isubiri siku ambayo hakuna lililobaki, na siku hiyo ni nadra kufika kwa utafiti mmoja. Ukiifanya kazi hii kwa uaminifu, utashangaa ni mara ngapi karatasi inajaa.

Je, wajua kwamba matokeo hayapendekezi? Sentensi "matokeo yanapendekeza kuwa" imeenea katika tasnifu nyingi, nayo inamchanganya msomaji. Anayependekeza ni mtu mwenye nia: kamati inapendekeza jina, mtafiti anapendekeza hatua za kuchukua. Ndiyo maana sura ya mwisho ina sehemu ya mapendekezo. Kwenye mjadala, data inadokeza. Kwenye sura ya mwisho, wewe unapendekeza. Ukiyachanganya haya, msomaji hajui tena kama anasoma ushahidi au ushauri.

Je, wajua kwamba "yana maana kwamba" haimo kabisa kwenye ngazi ya uzito? Watu huiweka katikati, kana kwamba ni nzito kuliko "yanadokeza" na nyepesi kuliko "yanathibitisha". Kazi yake ni nyingine. Inasema: kama hili ni kweli, basi na lile linafuata. Haisemi kwamba hili ni kweli. Uzito wake wote inaurithi kutoka kwenye sentensi iliyoitangulia. Kama ulianza na dokezo, kila utakalolitoa ndani yake litabaki dokezo, hata ukiandika "ni dhahiri kwamba" mara tano. Hapa ndipo mijadala mingi huteleza: aya ya kwanza inadokeza, aya ya pili inasema "hii ina maana kwamba", na kufikia aya ya tatu lile dokezo limekwisha kuwa jambo linalojulikana.

Je, wajua kwamba mojawapo ya mifano mizuri kabisa ya kupima uzito wa kauli ilitoka vijijini mkoani Mwanza? Kuanzia mwaka 1991, watafiti wa AMREF, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na Chuo cha Usafi na Tiba za Kitropiki cha London walishika swali gumu: je, ukiboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati za kawaida, maambukizi mapya ya VVU yatapungua? Walichukua jamii 12, wakazipanga jozi 6 za jamii zinazofanana. Katika kila jozi, bahati nasibu iliamua ni ipi itakayoanza kupata huduma mpya. Huduma yenyewe haikuwa ya miujiza. Wahudumu walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zilihakikishwa hazikatiki, wasimamizi walipita mara kwa mara, na wananchi walielimishwa waje mapema wakijisikia vibaya.

Baada ya miaka miwili, matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1995. Katika jamii zilizopata huduma mpya, watu 48 kati ya 4,149 ambao mwanzoni hawakuwa na VVU walikuwa wameambukizwa. Katika jamii za kulinganisha, walikuwa 82 kati ya 4,400. Piga hesabu mwenyewe: ni asilimia 1.2 dhidi ya 1.9. Ukigawanya, upande wa huduma ulikuwa na takriban asilimia 62 ya maambukizi ya upande wa pili. Baada ya kurekebisha tofauti zilizokuwapo tangu mwanzo, uwiano ukawa 0.58, yaani pungufu ya takriban asilimia 40. Mwelekeo ulikuwa uleule katika jozi zote sita.

Sasa ichukue ile karatasi ya maelezo mengine. Je, ni bahati tu? Mpaka wa chini wa uwiano ulikuwa 0.42 na wa juu 0.79, kwa hiyo hata mwisho wake wa juu haukufika 1, na 1 ndiyo ingekuwa na maana ya "hakuna tofauti". Je, jamii zilizopata huduma zilikuwa bora tangu awali? Bahati nasibu ndani ya jozi, pamoja na marekebisho ya hesabu, ilipunguza hofu hiyo. Je, watu walibadili mienendo kwa sababu ya elimu waliyopewa? Watafiti waliwauliza, na hawakuona mabadiliko ya mwenendo wa kujamiiana ulioripotiwa katika upande wowote. Hapa pana mwanya mdogo, kwa kuwa mwenendo ulioripotiwa si lazima uwe mwenendo wenyewe, lakini ni mwanya wa kuandikwa kwenye mipaka ya utafiti, hauangushi hoja.

Kwa ushahidi huo watafiti hawakujificha nyuma ya "yanadokeza". Walihitimisha waziwazi kwamba tiba iliyoboreshwa ilipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40 katika wananchi wale wa vijijini. Kitenzi chao kilikuwa kizito, nacho kilistahili uzito huo. Lakini tazama maneno yanayokifuata: katika wananchi wale wa vijijini. Ulinzi wa sentensi haukuwekwa kwenye kitenzi, umewekwa kwenye mahali. Huo ni ustadi ambao waandishi wengi wanaukosa. Wanadhani tahadhari ni kukilegeza kitenzi tu, kumbe wakati mwingine kitenzi kinapaswa kusimama imara na uwanja wake ndio upunguzwe.

Je, wajua kwamba herufi chache za Kiswahili zinaweza kuubadilisha utafiti mzima? Andika "tiba ilipunguza maambukizi" na umesema kilichotokea Mwanza kati ya 1991 na 1994. Andika "tiba hupunguza maambukizi" na umesema kanuni ya dunia, ya jana na ya kesho, ya mjini na ya kijijini. Kiambishi hu- ni cha mazoea na cha mambo ya siku zote: jua huchomoza mashariki, maji huchemka yakipashwa moto. Ni wachache sana miongoni mwetu wanaolipima neno hili wanapoandika, kwa sababu halionekani kama dai. Linaonekana kama mtindo tu. Kwa macho ya mhariri makini, hata hivyo, hu- ni kitenzi kingine kizito kilichojificha ndani ya kitenzi. Sentensi ya "matokeo yanadokeza kwamba tiba hupunguza maambukizi" ina tahadhari mlangoni na ujasiri mkubwa ndani ya nyumba.

Je, wajua kwamba tofauti hiyo ya "ilipunguza" na "hupunguza" ilikuja kupimwa miaka minne tu baadaye, ng'ambo ya pili ya Ziwa Viktoria? Huko Rakai, Uganda, watafiti waliligawanya eneo lao katika makundi 10 ya jamii. Katika makundi ya tiba, watu wazima walifuatwa nyumbani kila baada ya miezi 10 na kupewa dawa za magonjwa ya zinaa, wenye dalili na wasio na dalili. Makundi mengine yalipewa dawa za minyoo na vitamini. Matokeo, yaliyotolewa pia katika Lancet mwaka 1999, yalikuwa haya: maambukizi mapya ya VVU yalikuwa takriban 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka, pande zote mbili. Uwiano ulikuwa 0.97.

Aliyekuwa ameandika "tiba ya magonjwa ya zinaa hupunguza maambukizi ya VVU" alijikuta pabaya. Aliyekuwa ameandika "ilipunguza, katika wananchi wale wa vijijini" hakuhitaji kufuta hata neno moja. Utafiti wa Mwanza haukukanushwa. Kilichokanushwa ni sentensi pana iliyoning'inizwa juu yake na watu wengine.

Lakini Rakai nayo ina funzo lake la kitenzi. Mpaka wa chini wa uwiano wake ulikuwa 0.81 na wa juu 1.16. Soma kwa maneno: data ile ingeweza kukubaliana na pungufu ya asilimia 19, na ingeweza pia kukubaliana na ongezeko la asilimia 16. Sentensi sahihi ni kwamba "athari haikuonekana". Kuandika "utafiti umethibitisha kuwa tiba haina athari" ni kuvuka mpaka kwa upande wa pili. Kosa hili halionekani kirahisi kwa sababu linavaa sura ya unyenyekevu. Mtu anaposema "haina" huonekana kama amekataa kudai, kumbe amedai jambo zito. Kilichofungwa Rakai ni uwezekano wa pungufu kubwa kama ile ya Mwanza, kwa njia ile ya tiba, katika jamii zile. Pungufu ndogo haikufungiwa mlango.

Na kwa nini sehemu hizi mbili zilitofautiana? Hapa kitenzi kinarudi chini. Mwanza ilikuwa mapema katika janga, watu wenye VVU walikuwa takriban asilimia 4. Rakai walikuwa takriban 16. Mwanza tiba ilipatikana kila siku kwa mgonjwa aliyejisikia vibaya. Rakai ilikuja kwa mkupuo kisha ikasubiri miezi 10. Isitoshe, malengelenge ya sehemu za siri yanasababishwa na virusi, na dawa zile hazikuwa za kuyatibu. Ukokotoaji wa kompyuta uliochapishwa mwaka 2004 uliashiria kwamba tofauti za jamii zenyewe, yaani mienendo na wingi wa magonjwa yanayotibika, zinaweza kueleza sehemu kubwa ya tofauti ya matokeo. "Uliashiria" ndilo neno linaloufaa. Ukokotoaji hujenga jamii ya kufikirika na kuona inavyokwenda. Hauwezi kurudi Rakai ya mwaka 1994 na kubadilisha jambo moja tu.

Je, wajua kwamba tafiti nyingi zenye mwelekeo mmoja bado zinaweza kushindwa kupandisha kitenzi? Kwa miaka mingi, tafiti za uchunguzi barani Afrika zilionesha kwamba wanaume waliotahiriwa walikuwa na VVU kwa kiwango cha chini. Zilikuwa nyingi, na nyingi kati yake zilielekea upande mmoja. Hata hivyo, tathmini ya kina iliyofanywa chini ya mpango wa Cochrane mwaka 2003 ilikataa kusema kwamba tohara inazuia maambukizi. Sababu haikuwa uhaba wa namba. Waliotahiriwa mara nyingi walitofautiana na wasiotahiriwa kwa dini, kabila na desturi, na tofauti hizo zinaweza kuambatana na mwenendo. Ukiziweka pamoja tafiti 30 zenye mwanya uleule, mwanya unabaki palepale.

Kitenzi kilipanda pale tu njia ya utafiti ilipobadilika. Mjini Kisumu, vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24 waliokubali kutahiriwa waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakatahiriwa mara moja na nusu wakasubiri. Walioambukizwa katika kundi la kwanza walikuwa 22, katika kundi la pili 47. Dini, kabila na mwenendo viligawanywa na bahati nasibu ileile, kwa hiyo havikuweza tena kueleza tofauti kubwa kiasi hicho. Jaribio la pili huko Rakai lilifika karibu na matokeo hayohayo, na lile la Afrika Kusini lilikuwa limekwisha kutangulia mwaka 2005. Mwezi Machi 2007, Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walitoa ushauri rasmi. Kutoka "inahusiana na" hadi "ilipunguza" hapakuhitajika ujasiri. Palihitajika kura ya bahati nasibu.

Je, wajua kwamba kuna sentensi moja kuhusu tabianchi ambayo ilipanda ngazi yote mbele ya macho ya dunia? Mwishoni mwa Novemba 1995, wajumbe wa Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi walikutana Madrid kuupitisha muhtasari wa ripoti yao ya pili. Jopo hilo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na UNEP, ambalo makao yake yako Nairobi. Swali lilikuwa moja: je, tunaweza kusema kwamba binadamu amegusa tabianchi ya dunia? Wajumbe walibishana kwa muda mrefu juu ya kivumishi kimoja tu. Hatimaye walikubali kusema kwamba ukiupima ushahidi wote kwa pamoja, unadokeza kuwapo kwa athari ya binadamu inayotambulika.

Hesabu kinga zilizomo. Aliyesema si utafiti fulani, ni jumla ya ushahidi uliopimwa. Kitenzi ni "unadokeza". Na athari haikuitwa kubwa, iliitwa inayotambulika, yaani inaweza kutofautishwa na mabadiliko ya kawaida ya asili. Kinga tatu kwa sentensi moja ni nyingi, lakini kila moja ilikuwa na kazi yake: ya kwanza ilieleza chanzo, ya pili uzito, ya tatu ukubwa. Naiona kuwa sentensi iliyotungwa kwa uangalifu mkubwa kuliko nyingi zilizowahi kupitishwa kwenye ukumbi wa mikutano.

Ripoti iliyofuata, ya mwaka 2001, ilileta jambo jipya. Maneno ya uwezekano yalifungwa kwenye namba. "Inaelekea" ilipewa maana ya uwezekano wa kati ya asilimia 66 na 90. Kwa neno hilo jopo lilisema kwamba sehemu kubwa ya joto lililoongezeka kwa miaka 50 iliyotangulia inaelekea imetokana na gesi joto. Mwaka 2007 neno likapanda, likawa na maana ya zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2013 likawa zaidi ya 95. Mwaka 2021, kwa sentensi hii, namba ziliwekwa kando, na jopo likatamka kwamba hakuna shaka binadamu ameipasha joto anga, bahari na nchi kavu.

Msomaji makini ataona kwamba si uzito peke yake uliopanda. Dai lenyewe nalo lilikua, kutoka "athari inayotambulika" hadi "sehemu kubwa ya joto". Hivyo ni vitu viwili: una uhakika kiasi gani, na una uhakika juu ya nini. Mtu anaweza kuwa na uhakika mkubwa juu ya athari ndogo, au wasiwasi mwingi juu ya athari kubwa. Unapolinganisha tafiti mbili kwenye mjadala wako, lipime kila moja kati ya haya peke yake.

Je, wajua kwamba "inaweza" ni mojawapo ya maneno yasiyosema mengi katika mjadala? "Dawa hii inaweza kusababisha usingizi" ina maana mbili. Ya kwanza: inajulikana kwamba husababisha, kwa baadhi ya watu. Ya pili: hatujui, labda ndiyo. Mfamasia anakusudia ya kwanza, mtafiti mara nyingi ya pili. Ukikusudia ya pili, andika "huenda". Ukikusudia ya kwanza, sema ni kwa nani na ni mara ngapi.

Je, wajua kwamba tahadhari mbili si salama kuliko moja? "Huenda matokeo haya yanaweza kudokeza kwamba pengine" haimlindi mwandishi. Kila neno limelipunguza dai hadi hakuna kilichobaki cha kukubali wala kukataa. Chagua kinga moja na uiweke mahali shaka ilipo: kama shaka iko kwenye sababu, ilegeze sababu, kama iko kwenye sampuli, taja sampuli.

Je, wajua kwamba nafsi nayo ina uzito? "Matokeo yanadokeza" inaweka dai kwenye data. "Tunadhani" inaliweka kwako. Mtafiti anayeleta maelezo yasiyo na mguu katika jedwali lake, bali yametokana na uzoefu wake wa kazi, afadhali aseme "tunadhani" kwa kinywa kipana. Hilo halimshushi hadhi. Linalomshusha ni kuyabebesha matokeo mzigo ambao hayakuuzaa.

Je, wajua kwamba kitenzi hupenda kupanda kikiwa safarini kutoka sura ya mjadala kwenda ikisiri? Watafiti waliochapisha kazi yao katika jarida la Marekani la JAMA mwaka 2010 walizichukua ripoti 72 za majaribio ya tiba zilizotolewa Desemba 2006, zote zikiwa ni za majaribio ambayo lengo lake kuu halikupata tofauti yenye maana kitakwimu. Katika zaidi ya nusu yake, hitimisho la ikisiri lilikuwa limepindishwa ili tiba ionekane nzuri kuliko data ilivyosema. Ikisiri ndiyo inayosomwa na wengi, na ndiyo mwandishi wa habari anayoifungua kwanza akitafuta kichwa cha habari.

Kwa hiyo ukimaliza kuandika, ziweke kurasa mbili mezani sambamba, ikisiri upande huu na mjadala upande ule, kisha upigie mstari vitenzi tu. Kama upande mmoja umeandika "yanadokeza" na upande wa pili "yameonesha" kwa dai lilelile, rudi kwenye ile karatasi ya maelezo mengine uone ni upande gani unaosema kweli, na urekebishe ule mwingine kabla kazi haijatoka mikononi mwako.